Nafasi ya Jina la Tatu

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuujaribu, nikizima jiko narudi kulitazama, na mume wangu amezoea kunisubiri barabarani akicheka. Kwa hivyo walionipa kazi ya kutengeneza mfumo mpya wa kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali moja ya Garsen hawakujua wanaipa kazi hiyo roho ya namna gani. Walitaka mtu wa kompyuta. Wakapata mtu ambaye halali akifikiria kwamba huenda mgonjwa wa leo ndiye yule wa mwaka juzi, na kompyuta haijui.

Nimezaliwa Kipini. Kitambulisho changu kina majina matatu, na hakuna hata moja linalotumika nyumbani. Mamangu ananiita kwa jina la bibi yake, shangazi zangu kwa jina la utani nililopewa nikiwa sijaota meno, na madrasa walikuwa na lao. Nilipoolewa Garsen nikapata jingine, na sasa kwa kuwa nina mtoto, mtaa mzima unaniita mama wa fulani, na nikiitwa hivyo naitika bila kufikiri. Sitayaandika hapa majina hayo, wala ya mtu mwingine yeyote katika kisa hiki. Nimeona majina yanavyoweza kumfanya mtu, na siku hizi nayashika kwa uangalifu.

Mfumo wa zamani uliwekwa na watu waliokuja, wakafundisha kwa muda mfupi, wakaondoka. Ulikuwa na nafasi tatu za jina: lako, la babako, la babu yako. Zote tatu zilikuwa na kinyota chekundu pembeni, maana yake usipojaza hauendelei mbele. Ukimtafuta mgonjwa, ilibidi uandike matatu yale yale, kwa mpangilio ule ule. Ukikosa moja, kompyuta inasema hayupo, nawe unamfungulia faili mpya. Mtu akibadilisha jina, karani analifuta la zamani na kuandika jipya juu yake, na la zamani linapotea kana kwamba halijawahi kuitwa na mtu.

Nilipoanza kuchora mfumo wangu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumvua mtu majina. Jedwali la watu likabaki na namba, jinsia, kijiji na mwaka wa kuzaliwa wa kukadiria, basi. Majina nikayahamishia kwenye jedwali lake lenyewe, kila jina mstari wake, na mtu mmoja akawa na mistari mingi kadiri alivyo na majina. Kila mstari unaeleza jina ni la aina gani: la kitambulisho, la kuzaliwa, la utani, la zamani. Unaeleza lilianza kutumika lini na liliacha lini, kama liliacha. Unaeleza pia sisi tulilijua lini, kwa sababu hayo ni mambo mawili. Mwanamke anaweza kuwa alibadilisha jina lake miaka mingi iliyopita na akatuambia leo. Ukiandika tarehe ya leo tu, umeandika uongo. Na ukimtafuta mtu, mashine inatazama majina yote, hata yaliyoachwa, ila mbele ya watu inaonyesha lile mwenyewe analotaka aitwe. Wapo walioyaacha majina kwa sababu zao, na si haki kuyatangaza kwenye foleni.

Nilikuwa nikijivunia sana michoro ile. Msimamizi wa hospitali hakuvutiwa. Ni mtu mpole, anapenda vitu vionekane safi, na kwake yeye majina mengi ni uchafu.

"Dada yangu, mtu mmoja jina moja," aliniambia kikaoni. "La kitambulisho. Hayo mengine yafute. Ripoti zikienda juu wataniuliza hawa watu wote ni akina nani."

"Na asiye na kitambulisho?"

"Atakipata."

"Na mtoto?"

"Ana cha babake."

Sikufuta. Nilimwambia nitayahamisha majina yote ya zamani kwanza, tuyajaribu, kisha tuzungumze. Yalihamishwa kutoka kwenye zile nafasi tatu, na kwa kuwa hakuna aliyejua lipi ni la aina gani, niliyapachika alama kwamba aina yake haijulikani. Nilikuwa nikiitazama alama hiyo usiku na mchana kwenye kichwa changu. Maelfu ya mistari, na kila mmoja unasema haijulikani.

Kitu kimoja kilikuwa kikinikera, na sikujua kwa nini. Nilizoea kukaa nyuma ya karani kwenye dirisha la usajili, nione watu wanavyojieleza. Wanawake wa Kiorma waliokuja na watoto walikuwa wakitaja jina la mtoto upesi. La baba wa mtoto wengine walilitaja, wengine wakamsukuma mtoto mwenyewe alitaje. Likija la tatu, la babu, wanasita. Mmoja alitazama dari. Mwingine alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Karani anasema, "Sema mama, foleni ni ndefu," kisha jina linatoka, na karani analiandika. Nikadhani wamesahau. Nani anakumbuka majina ya wazee wote? Hata mimi nikiulizwa ghafla nababaika.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto la kukata pumzi, joto lile la Garsen ambalo hata mbuzi wanalikimbia na kujibanza chini ya miti ya mathenge. Mfumo mpya ulikuwa ukijaribiwa kando ya ule wa zamani. Baada ya adhuhuri akaingia mwanamume, kikoi kimechafuka vumbi, amembeba mtoto wa kiume begani. Mtoto alikuwa na umri wa kuanza shule. Alikuwa akipumua upesi upesi, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta hewa, na midomo yake ilikuwa na rangi ambayo mzazi yeyote hapendi kuiona.

Alipelekwa moja kwa moja kwa daktari. Sisi huku tunamwita hivyo, daktari, ingawa mwenyewe hukumbusha watu kwamba ni ofisa wa kliniki. Baba akabaki dirishani kujibu maswali. Alitaja majina matatu bila kusita: la mtoto, lake, la babake. Karani akaandika. Hayupo. Akajaribu kwenye mfumo wangu. Hayupo.

"Ameshawahi kuja hapa?" nikamuuliza.

"Amekuja. Lakini si na mimi. Mimi niko na ng'ombe. Mama yake alileta, na bibi yake alileta siku ingine."

"Kitabu chake cha kliniki?"

"Maji ilichukua. Ile mafuriko."

Daktari akatokea mlangoni, jasho linamtiririka. Alisema ni nimonia, tena kali, na anataka kumwanzishia sindano sasa hivi. Dawa ya kwanza kwa hali ile ilikuwa penisilini pamoja na nyingine. Akamgeukia baba: mtoto amewahi kudhuriwa na dawa yoyote? Aleji?

"Mimi sijui, daktari. Mimi niko na ng'ombe."

"Mama yake yuko wapi?"

"Nanighi. Dada yake amezaa."

Simu ya mama ikapigwa. Mteja hapatikani. Ikapigwa tena. Daktari akanitazama mimi, na nikaelewa anachouliza bila kusema: si umetengeneza mashine ya kutafuta watu? Basi mtafute.

Nililiacha jina la tatu, nikatafuta kwa jina la mtoto na la baba peke yake, mvulana, mwaka wa kuzaliwa ule au jirani yake. Ndiyo faida ya kuwa na kila jina kwenye mstari wake. Unaweza kuliacha moja na bado ukauliza. Ikatoa watoto kadhaa, kwa maana jina lile la kwanza lina wavulana wengi kuliko mbu. Nikapunguza kwa kijiji. Juu kabisa akaonekana mmoja, na jina lake la tatu lilikuwa si jina hasa: lilikuwa "baba wa" fulani, kwa Kiorma.

"Huyu fulani ni nani?" nikamuuliza baba.

Uso wake ukafunguka. "Ni kaka yangu mkubwa! Hiyo ni mama yangu amesema. Mama yangu anaita mzee hivyo. Baba ya kaka yangu."

Bibi hakumtaja mumewe kwa jina. Alimtaja kwa mtoto wao wa kwanza, kama anavyomwita nyumbani. Karani akaandika alichosikia. Nikafungua kumbukumbu. Mtoto aliletwa na bibi akiwa na homa ya mapafu, akadungwa penisilini, akaruhusiwa akiwa mzima. Hakuna tatizo lolote lililoandikwa.

"Alhamdulillahi," daktari akasema, na mabega yake yakashuka. "Basi aliipata na haikumfanya kitu. Tunaendelea." Akageuka kwenda.

Hapo ndipo wasiwasi wangu, huu ambao umekuwa ukichekwa maisha yangu yote, uliponirudia. Baba alisema waliomleta ni wawili. Nilikuwa nimempata wa bibi. Wa mama yuko wapi?

"Daktari, subiri kidogo."

"Nisubiri nini?"

"Kuna safari nyingine. Mama yake alimleta, na sijaiona."

"Labda waliandika kwenye faili hii hii."

"Faili hii ina safari moja."

"Dada, unamwona mtoto yule?" Hakuwa mkali, alikuwa na hofu, na hofu yake ikaongeza yangu. "Kila dakika nikikaa hapa anachoka. Dawa nzuri niliyo nayo ni hii, na umenionyesha mwenyewe kwamba inamfaa vizuri. Unataka nimnyime kwa sababu ya faili ambayo huna?"

Kutoka chumba cha pili tulimsikia mtoto akikoroma kila akivuta pumzi. Nikamwomba anipe muda wa kuandaa sindano tu, kwa kuwa ilibidi aiandae kwa vyovyote. Akaondoka.

Nikarudi kwenye orodha. Walikuwa wamebaki watoto wawili watatu wenye jina lile na baba wa jina lile. Yeyote kati yao angeweza kuwa wetu, na yeyote angeweza kuwa binamu yake, maana huku ndugu hurithishana majina ya mababu hata unakuta ukoo mmoja una watoto wanne wa jina moja. Nikimwokota asiye wake, nitampa mtoto huyu ugonjwa wa mwenzake, au nitampa usalama ambao si wake. Nilijua kabisa kwamba kosa langu lingeonekana kwenye kioo cha kompyuta kama ukweli, kwa herufi nzuri zilizonyooka.

Ndipo nikawakumbuka wale wanawake dirishani wakitazama dari. Hawakuwa wamesahau.

"Baba," nikamwambia. "Mke wako anamwita mzee wako nani?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jambo la chumbani. "Hawezi kuita jina yake. Ni baba mkwe."

"Najua. Hamwiti kwa jina. Lakini akitaka kumtaja, anasemaje?"

Akacheka kidogo kwa haya, akatazama chini, kisha akalitaja neno moja la Kiorma. "Ni kama kusema, mwenye kisima. Mzee alichimba kisima. Wake wa watoto wake wote wanasema hivyo."

Neno hilo lilikuwa mbele yangu. Lilikuwa kwenye mstari wa tatu, kwenye nafasi ya jina la babu, kwa mtoto wa jina lile, wa baba yule. Nikabofya. Kumbukumbu ilikuwa ya mwaka mmoja baada ya ile ya bibi. Mtoto alidungwa penisilini, akavimba uso na midomo, kifua kikambana, akaokolewa kwa shida. Mtu fulani aliandika kwa herufi kubwa kwamba asipewe dawa hiyo tena, wala za ukoo wake.

Nilikimbia. Mimi ni mnene, sikimbii ovyo, lakini siku hiyo nilikimbia na kiatu kimoja kikabaki kizingitini. Daktari alikuwa na bomba la sindano mkononi, anatafuta pa kumdunga.

"Usimpe!"

Akaliweka chini polepole. Nikamweleza, maneno yakigongana. Alisikiliza, akauliza swali ambalo mtu mwenye akili lazima aulize: "Umejuaje kwamba ni yeye? Yule wa kwanza ulisema ni yeye pia."

"Wote wawili ni yeye."

"Mara ya kwanza hakudhurika, mara ya pili akadhurika." Alikuwa akijisemea. "Inawezekana. Ndivyo aleji zilivyo, mara ya kwanza mwili unajifunza tu." Kisha akasema, "Lakini nataka mama yake."

Baba alikuwa amesimama mlangoni akibonyeza simu bila kupumzika. Safari hii ikaita. Mama akapokea, na sauti yake ilikuwa ikikatikakatika, kwa maana mtandao wa huko ni wa kubahatisha. Mume wake akamweleza kwa Kiorma, kisha akampa daktari simu, naye akaweka sauti juu ili nisikie.

"Mama, ulipomleta mtoto hapa, ni nini kilimpata?"

"Sindano ilimharibu! Uso ilifura, macho ikafunga! Mmempa? Wallahi msimpe! Daktari wa siku ile aliniambia asidungwe hiyo tena!"

"Hatujampa. Tulia. Nataka kuhakikisha tu kwamba faili ni yako. Ulituandikisha babu yake anaitwa nani?"

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Mama?"

"Niliandikisha... hiyo ambayo mimi naita."

"Ni ipi?"

Alisita tena. Kwa mbali nilisikia mtoto mchanga akilia, na wanawake wakizungumza. Kisha akalitaja neno lile lile, mwenye kisima, kwa sauti ya chini.

Daktari alimwagiza muuguzi alete dawa ya kundi jingine kabisa. Ilimchukua mtoto muda kutulia, na sitajifanya kwamba mambo yalikuwa mepesi. Jioni ile alikuwa bado kwenye oksijeni na hakuna aliyethubutu kusema amepona. Mimi nilitoka nje nyuma ya jengo, nikaegemea ukuta. Nilikuwa nikiwaza jambo moja tu: kama nisingeipata faili ya bibi, daktari angekuwa na shaka na pengine angechagua dawa nyingine. Mimi ndiye niliyempa imani. Mashine yangu ilimpata mtoto nusu, na ile nusu ndiyo iliyokaribia kumuua.

Siku zilizofuata mtoto alipata nafuu, akaanza kudai chai yenye maziwa mengi, na mimi nikafanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Niliziunganisha faili zake tatu, ya bibi, ya mama na hii ya baba, chini ya namba moja. Sikufuta hata moja. Kiungo chenyewe nikakifanya kuwa kitu kinachoandikwa: nani kaunganisha, lini, kwa ushahidi gani, ili siku tukigundua tumekosea tuweze kuwatenganisha watu bila kuchana nyama zao. Onyo la aleji likapanda juu ya mtu, likaacha kujificha ndani ya faili moja. Na kwenye jedwali la majina nikaongeza safu ambayo nilipaswa kuiona mapema: jina hili limetajwa na nani. Mama, bibi, baba, mwenyewe. Pia nikaongeza aina nyingine ya jina, nikaiita jina la heshima. Haina tarehe ya mwisho. Nilimuuliza baba wa mtoto kama wake wa watoto huanza kulitaja jina la mzee akishafariki, akanishangaa. "Akikufa ndiyo wataacha heshima?" akasema.

Kinyota chekundu kwenye nafasi ya babu nikakiondoa. Karani sasa anauliza tofauti: "Mzee wenu nyumbani unamwitaje?" Kama yupo mtu mwingine wa familia anayeweza kulitaja jina lenyewe la mzee, tunaliongeza. Kama hayupo, tunaendelea.

Msimamizi aliniita ofisini. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kugombana, nina hasira za kutosha. Alikuwa ameshasikia. Alitazama mchoro wangu kwa muda mrefu, akapangusa miwani, akasema, "Sasa ripoti nitaiandikaje?" Nikamwambia watu watahesabiwa kwa namba, si kwa majina, na hesabu yake itapungua, kwa sababu hao wagonjwa wengi alio nao wengine ni mtu mmoja aliyeletwa na watu tofauti. Hakufurahi. Lakini hakusema tena nifute.

Na wasiwasi haukuniisha, ulibadilisha mahali tu pa kukaa. Nilitafuta watoto wengine wa aina ile, jina moja, baba mmoja, babu wawili watatu, na kioo kikajaa. Siwezi kuwaunganisha kwa kubahatisha. Kila mmoja ni lazima aulizwe mtu wake. Hata leo nikisikia mtoto anakohoa dirishani najiuliza ana faili ngapi.

Mama wa mtoto alifika kutoka Nanighi wakati mwanawe alikuwa ameshatolewa kwenye oksijeni. Alikaa naye wodini, kisha akaulizia aliko yule mwanamke wa kompyuta. Nilimwona akija, mwanamke mwembamba, mdogo kuliko nilivyomfikiria kwa sauti yake, vumbi la basi bado liko kwenye mtandio. Nikampa kiti. Hakukaa.

"Ni wewe ulitafuta mtoto wangu?"

"Ni mimi, mama."

"Nimekuja kusema hiyo jina." Alikuwa akiongea upesi, macho yako sakafuni. "Ya mzee. Ile ya kweli. Njiani yote nimekuwa nasema ndani ya roho yangu, nizoee. Funga mlango nikuambie, uandike, isipotee tena."

Alivuta mtandio, akausogeza mdomoni, kisha akauondoa kwa nguvu, akafungua kinywa. Niliinuka nikamshika mkono.

"Usiliseme. Tunalo. Babake mtoto alilitaja, limeandikwa."

"Limeandikwa?"

"Limeandikwa. Na lako pia, lile la kisima, tumeliacha pale pale. Ukija tena sema hilo hilo."

Akanitazama, na nilidhani atashukuru, au atacheka kama alivyocheka mumewe. Badala yake akakaa kwenye kile kiti nilichompa, akajishika kichwa.

"Siku ile dirishani nilijua si jina yake," akasema. "Nikaona, ni neno tu, itafanya nini? Kumbe nilikuwa namuua mtoto na heshima."

Nilitaka kumwambia kwamba si yeye, ni sisi tuliomwekea nafasi moja na kinyota chekundu na foleni ndefu nyuma yake. Nilimwambia hivyo hivyo, mara mbili, kwa Kiswahili chepesi nilichoweza. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayekubaliana na mgeni. Kisha akaniomba nimwonyeshe mwanawe yuko wapi ndani ya ile mashine, nami nikageuza kioo, nikamwekea kidole kwenye namba yake. Alikaa akiitazama. Hakujua kusoma, lakini hakuondoa macho, na mkono wake ulikuwa umefunika mdomo.